Ghala la Wifi: Kwa Nini Miamala ya Wakurugenzi na Jamaa Zao Hutengwa Katika Hesabu



Miongoni mwa maswali ambayo kina mama hutuletea kila msimu wa mikutano ya mwaka, liko moja lijalo kwa sura nyingi. Mmoja amerithi hisa katika kampuni ya marehemu babake, mwengine amenunua hisa za benki, wa tatu ni mwanachama wa chama cha akiba. Wote wamepewa kijitabu cha hesabu, wamekifungua, wameona faida imepungua, na wameambiwa kwamba gharama zimepanda. Wanatuuliza: mtu asiyesomea uhasibu atajuaje kama gharama zimepanda kwa sababu ya soko, au kwa sababu ya mtu?

Jibu limo ndani ya kijitabu hicho hicho, lakini haliko katika kurasa za mbele. Limo nyuma, katika maelezo ya hesabu, chini ya kichwa kinachosema miamala na wahusika wenye uhusiano. Wengi hawafiki huko. Leo tungependa tufike pamoja, na tutapitia njia ya mfano tulioutunga wenyewe, usio wa nyumba yoyote tuijuayo.

Mzee mmoja aliyekuwa na kampuni ya kuuza saruji na mabati amefariki. Ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kampuni ina hisa 2,400. Mirathi imegawanywa kwa sheria yetu: mjane amepata thumni, yaani hisa 300, kila mwana wa kiume 600, na kila binti 300. Mwana mkubwa ndiye mkurugenzi mtendaji, kwani ndiye aliyekuwa akikaa dukani na mzee. Mwaka wa kwanza kampuni imepata faida ya Sh. 6,000,000, na yote imegawanywa. Tusihesabu kodi ya serikali, ili hesabu yetu iwe nyepesi. Kila hisa imepata Sh. 2,500, basi mama amepata Sh. 750,000, na kila binti kiasi hicho hicho.

Mwaka wa pili mauzo hayakushuka, ila faida imekuwa Sh. 4,000,000. Mama na kila binti wamepata Sh. 500,000. Binti wa kati, mwenye tabia ya kuuliza, amelinganisha kurasa za miaka miwili akaona mahali palipobadilika. Kodi ya ghala ilikuwa Sh. 150,000 kwa mwezi, sasa ni Sh. 250,000. Gharama ya uchukuzi ilikuwa Sh. 2,000,000 kwa mwaka, sasa ni Sh. 2,800,000. Alipomuuliza kakake, alijibiwa, “Mwanangu, si unaona mji ulivyo ghali?” Jibu hilo halikuwa uongo. Mji ni ghali.

Lakini ghala jipya ni mali ya mke wa kaka, yaani wifi yao. Malori ni ya kampuni nyengine, ambayo mwenyewe ni kaka. Ghala lina ukubwa ule ule na liko barabara ile ile. Safari za malori ni zile zile. Kilichobadilika ni bei, na anayepokea bei hiyo.

Tufuate pesa zilikokwenda. Nyongeza ya kodi kwa mwaka ni Sh. 1,200,000, na ya uchukuzi ni Sh. 800,000, jumla ni Sh. 2,000,000, ambazo ndizo zilizopungua katika faida. Kaka naye ni mwenye hisa, kwa hivyo gawio lake limeshuka kwa Sh. 500,000. Hilo atalitaja mkutanoni, kwamba hata yeye ameumia. Ila Sh. 2,000,000 zimeingia kwake na kwa mkewe kwa mlango wa pili, basi nyumba yake imebaki na ziada ya Sh. 1,500,000. Ziada hiyo ndiyo hasara ya wenziwe: Sh. 250,000 za mama, Sh. 750,000 za dada watatu, na Sh. 500,000 za mdogo wake wa kiume. Hakuna senti iliyopotea wala risiti iliyoghushiwa. Mkaguzi wa hesabu akipiga jumla ataona kila kitu kimelingana, kwa sababu kimelingana kweli.

Hapa ndipo tunapoona kwa nini mstari unaosema tu “kodi ya majengo, Sh. 3,000,000” hautoshi. Ukurasa wa faida na hasara umejengwa juu ya dhana moja ambayo haiandikwi: kwamba anayeuza na anayenunua ni watu wawili, kila mmoja akivuta upande wake, na bei iliyopatikana ni matokeo ya kuvutana huko. Mpangaji anataka kodi ishuke, mwenye nyumba anataka ipande. Mtu mmoja akikaa pande zote mbili za meza, kuvutana huko kumekufa. Bei inaweza kuwa ya haki, lakini haina tena kitu cha kuithibitisha. Msomaji wa hesabu anastahili kuambiwa hivyo, ili apime mwenyewe.

Kanuni inayodai haya ni Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu Nambari 24. Kenya imekuwa ikifuata viwango vya kimataifa tangu 1999. Kampuni ndogo zina kiwango chao chepesi zaidi, na sehemu yake ya 33 inadai mambo yayo hayo. Kwa hivyo kaka hawezi kusema kwamba haya ni ya makampuni makubwa ya Nairobi.

Kiwango hiki hakikatazi biashara na jamaa, na tunalisema hili mapema kwa sababu watu wengi hulichukulia vibaya. Pengine ghala la wifi ndilo zuri kuliko yote mtaani. Kinachodaiwa ni kwamba likodiwe mchana kweupe. Katika maelezo ya hesabu, mfano wetu ungepaswa kusomeka hivi:

“Katika mwaka huu kampuni ilikodi ghala kutoka kwa mke wa mkurugenzi mtendaji kwa Sh. 3,000,000 (mwaka uliopita: hakuna). Kampuni ililipa Sh. 2,800,000 za uchukuzi kwa kampuni inayomilikiwa na mkurugenzi mtendaji (mwaka uliopita: hakuna). Kufikia mwisho wa mwaka, mkurugenzi mtendaji alikuwa akidaiwa na kampuni Sh. 3,500,000. Mkopo huo hauna riba, hauna dhamana, wala haukuwekewa tarehe ya kulipwa.”

Ni sentensi nne tu, na mwisho wa sentensi ya nne binti wa kati ameshajua la kuuliza. Kila kipande kina kazi yake. Uhusiano umetajwa: mke, na kampuni yake mwenyewe. Kiasi kimetajwa, pamoja na cha mwaka uliopita, ili mabadiliko yaonekane. Deni lililobaki limetajwa pamoja na masharti yake.

Juu ya hilo deni tukae kidogo, kwa kuwa ndilo linalofichika kwa urahisi zaidi. Mkopo aliochukua kaka haukupunguza faida, basi mwenye kutazama faida pekee hatauona. Katika mizania umo ndani ya mstari wa “wanaodaiwa na kampuni, Sh. 9,500,000”. Msomaji hudhani hao ni mafundi na wajenzi waliochukua saruji kwa mkopo, watakaolipa baada ya mwezi au miwili. Ukweli ni kwamba wateja wanadaiwa Sh. 6,000,000, na kiasi kilichobaki kiko kwa mtu mmoja ambaye karani wa madeni hathubutu kumpigia simu. Deni la mteja na deni la bosi si kitu kimoja, hata yakiandikwa kwa sarafu moja. Ndiyo maana kiwango kinataka deni la jamaa litengwe, na kama kuna shaka ya kulipwa, kiasi kilichotengwa kwa ajili ya shaka hiyo nacho kitajwe. Deni likisamehewa, ni lazima liandikwe kuwa limesamehewa.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao huwashangaza wengi. Muamala hutajwa hata pale jamaa anapoipendelea kampuni. Tuseme wifi angeitoa ghala bure, bila kuchukua hata shilingi. Faida ingepanda, na wote wangefurahi. Lakini faida hiyo isingekuwa nguvu ya biashara, bali hisani ya wifi, na siku akitaka ghala lake faida itashuka. Binti anayefikiri kuuza hisa zake, au benki inayofikiri kuikopesha kampuni, inahitaji kujua ni kiasi gani cha faida kinasimama juu ya hisani.

Huenda mtu akadhani kwamba haya ni mambo ya maduka ya familia, ambayo mwisho wake ni ndugu kununiana sikukuu. Kisa kilichoifundisha dunia somo hili kilitokea Marekani, katika kampuni ya televisheni ya waya iliyoitwa Adelphia. Jina lenyewe limetokana na neno la Kigiriki la ndugu. Mwanzilishi wake, John Rigas, alianza mwaka 1952 katika mji mdogo wa Coudersport, jimbo la Pensilvania, na kufikia 2002 kampuni ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa za aina yake nchini humo, ikiwa na wateja zaidi ya milioni tano. Hisa zake zilikuwa sokoni, mikononi mwa watu wa kila namna. Hata hivyo mzee alikuwa mwenyekiti, wanawe watatu walikuwa katika uongozi, mmoja wao akiwa ndiye msimamizi wa fedha, na mkwewe alikuwa katika bodi.

Pembeni, familia ilikuwa na kampuni zake binafsi. Kampuni hizo na Adelphia zilikopa benki kwa pamoja, kwa mkataba kwamba kila mmoja anawajibika kwa deni lote. Yaani familia ikichukua pesa ikashindwa kulipa, benki ingeidai Adelphia, na wenye hisa wa nje ndio ambao wangelipa. Sehemu ya pesa hizo familia ilinunulia hisa za Adelphia yenyewe, ili usukani usiwatoke. Katika mizania ya Adelphia deni lililochukuliwa na familia halikuonekana.

Tarehe 27 Machi 2002 kampuni ilitoa taarifa ya mapato yake kama ilivyo ada. Mwishoni kabisa mlikuwa na tanbihi iliyosema kwamba Adelphia inawajibika kwa takriban dola bilioni 2.3 zilizokopwa na kampuni za familia. Wachambuzi wakaisoma, na bei ya hisa ikaanza kuporomoka. Mwezi Juni kampuni iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Mwaka 2004 John Rigas na mwanawe Timothy walipatikana na hatia ya ulaghai, na mwaka 2005 wakahukumiwa kifungo, baba miaka 15 na mwana miaka 20.

Katika kesi hiyo limo jambo moja la kiufundi ambalo tungependa lishikwe na kila anayesoma hesabu. Adelphia ilikuwa ikidaiwa na kampuni za familia, na wakati huo huo ikizidai. Kila upande ulizidi dola bilioni moja. Hesabu zilitoa upande mmoja katika mwengine, na kilichoonyeshwa kwa wasomaji ni salio la dola milioni chache tu. Kwa hesabu ya kutoa, hakuna kosa. Kwa msomaji, milima miwili ilisawazishwa hadi ikawa kichuguu. Kwa hivyo neno “kutengwa” katika somo letu lina maana mbili: miamala ya jamaa itengwe na ya watu wa nje, na kinachodaiwa kitengwe na kinachowiwa. Ukiona katika kijitabu “salio na makampuni yenye uhusiano” likiwa nambari moja ndogo, uliza ni nambari zipi mbili zilizolizaa.

Turudi kwetu. Nchini Kenya benki hutangaza hesabu zao gazetini kila baada ya miezi mitatu, na mwisho wa jedwali, chini ya faida na mizania, kuna sehemu ya maelezo mengine. Humo mna mstari wa mikopo ya watu wa ndani, uliogawanywa mara mbili: wakurugenzi, wenye hisa na washirika wao upande mmoja, na wafanyakazi upande mwengine. Mikopo ya wafanyakazi kwa kawaida si ya kutisha, kwani hukatwa katika mshahara. Wa kutazamwa ni mstari wa kwanza. Ulinganishe na wa miezi mitatu iliyopita, kisha uulinganishe na mtaji wa benki, ambao umeandikwa mistari michache chini yake. Wasomaji wetu wengi wanakumbuka Aprili 2016, Chase Bank ilipowekwa chini ya mrasimu. Siku chache kabla yake benki hiyo ilikuwa imetangaza hesabu za mwaka 2015 mara mbili, na tofauti kubwa kati ya tangazo la kwanza na la pili ilikuwa katika mstari huo wa mikopo ya watu wa ndani. Aliyesoma faida tu hakuielewa foleni aliyoikuta mlangoni.

Sasa tuje kwenye swali lililo gumu kwetu watu wa pwani: jamaa ni nani? Kiwango kinawataja mke au mume, watoto, watoto wa mke au wa mume, na wanaotegemea matunzo ya mhusika. Kaka na dada hawakutajwa kwa majina, wala mjomba, wala mkwe. Wapo wakurugenzi wanaoishika orodha hiyo kama ngao, wakisema, “Yule ni mtoto wa ndugu yangu, si mtoto wangu.” Lakini kabla ya orodha hiyo kuna maneno yaliyo mapana zaidi: jamaa wa karibu ni wale wanaotarajiwa kumshawishi mhusika, au kushawishiwa naye, katika shughuli zao na kampuni. Orodha ni mifano ya lazima, si mpaka. Katika nyumba zetu, ambamo mpwa amelelewa na mjomba tangu utotoni na mama mkwe ndiye anayeamua nani atasafiri, maneno hayo mapana ndiyo yenye uzito. Sisi tunaona mkurugenzi mwenye shaka ataje. Akimtaja mtu asiyehitaji kutajwa, hakuna aliyedhurika.

Kuna pia sentensi moja ya kuangaliwa kwa jicho kali. Kampuni nyingi humaliza maelezo yao kwa kusema kwamba miamala yote na jamaa ilifanywa kwa masharti ya kawaida ya soko. Sentensi hiyo hutuliza moyo, na imewekwa kwa kusudi hilo. Kiwango kinaruhusu iandikwe pale tu inapoweza kuthibitishwa. Basi mwenye hisa ana haki ya kuuliza uthibitisho ni upi. Kwa ghala, ni bei walizotoa wenye maghala wengine wawili au watatu kwa maandishi kabla ya mkataba kutiwa saini. Kwa malori, ni nukuu za wachukuzi wa nje kwa safari ile ile. Kama hakuna aliyeulizwa bei isipokuwa jamaa, sentensi hiyo haikustahili kuwemo.

Na kama maelezo hayana neno lolote juu ya jamaa? Hapo binti wetu wa kati ana kazi ya asubuhi mbili. Mkaguzi wa hesabu hutegemea kwa sehemu kubwa orodha ya jamaa ambayo wakurugenzi wenyewe wamemwandikia, na mwenye kuficha humficha na yeye. Lakini majina yamo katika daftari za serikali. Kupitia eCitizen mtu anaweza kuomba hati ya CR12 ya kampuni ya malori, nayo itamwonyesha wakurugenzi na wenye hisa wake. Akiwa na nambari ya kiwanja cha ghala, anaweza kuomba upekuzi rasmi katika afisi ya ardhi na kuona jina la mwenye mali. Akiwa na karatasi hizo mbili hahitaji kumtuhumu mtu. Sheria ya makampuni ya 2015 inamtaka mkurugenzi atangaze maslahi yake katika muamala wa kampuni, kwa hivyo swali lake mkutanoni ni la heshima na fupi: “Kakangu, tangazo lako la ghala na la malori limeandikwa katika kumbukumbu za mkutano gani?”

Aliulize swali hilo kabla ya hesabu kupitishwa, na aombe liandikwe katika kumbukumbu pamoja na jibu lake. Hesabu zikishapitishwa, mazungumzo huhamia kwenye hesabu za mwaka unaofuata, na ghala litakuwa limeshalipiwa kodi ya miezi kumi na miwili mengine.